Siku 30 za Nani? Kuipa Bei Kazi ya Ushauri kwa Kusoma Hadidu za Rejea

Hadidu za rejea nyingi huandikwa kwa kurasa tano au sita za malengo, maswali ya utafiti na sifa za mwombaji, halafu jambo la fedha likamalizwa kwa mistari miwili: kazi itachukua siku 30 za kazi, na bei ijumuishe kodi zote. Mwombaji asiye na uzoefu hulipokea hilo kama amri. Anachukua kiwango chake cha siku, anazidisha mara 30, anaongeza nauli na hoteli kwa makisio, anatuma. Akishinda, ndipo anapogundua kwamba alichouza ni siku 36 kwa bei ya 30, na kwamba ile “kodi zote” imekula alichodhani ni faida.

Tuchukue kazi moja ya mfano, niliyoiunda kwa ajili ya makala haya kwa sura ya kazi zinazotangazwa kila mwezi Tanzania. Shirika moja limemaliza mradi wa maji wa miaka 4 katika vijiji 12 vya wilaya za Kondoa na Chemba, mkoani Dodoma, na linatafuta kampuni ya ushauri kufanya tathmini ya mwisho. Hadidu zinataka dodoso kwa kaya 360, mjadala wa kikundi kimoja katika kila kijiji, ukaguzi wa vituo vya kuchotea maji, rasimu ya ripoti, kikao cha mrejesho Dodoma mjini na ripoti ya mwisho. Siku ni 30. Ukomo wa bajeti ni shilingi milioni 45 pamoja na kodi. Anayeomba ni kampuni ndogo ya Dar es Salaam, iliyosajiliwa kwa VAT, yenye kiongozi wa timu na mhandisi wa maji.

Swali la kwanza la kumuuliza mteja, kabla dirisha la maswali halijafungwa, ni hili: siku 30 za nani? Zinaweza kuwa siku za kalenda kuanzia kusaini mkataba hadi ripoti ya mwisho. Zinaweza kuwa siku za kiongozi wa timu peke yake. Zinaweza pia kuwa jumla ya siku za timu nzima, na kwa tafsiri hiyo wataalamu wawili wana siku 15 kila mmoja. Tafsiri hizo tatu zinazaa bajeti tatu ambazo moja inaweza kuwa nusu ya nyingine. Mteja makini hutuma jibu kwa waombaji wote, kwa hiyo kuuliza hakumnyimi mtu ushindani. Tuseme amejibu kwamba 30 ni za kiongozi wa timu, na wataalamu wengine waongezwe kadiri kazi inavyodai.

Hapo kazi halisi inaanza. Ile 30 iweke kando kwanza, urudi kwenye hadidu na kalamu, upigie mstari kila kitenzi kinachomtaka mtu afanye kitu, kisha ujiulize kila kimoja kitachukua siku ngapi. Kusoma nyaraka za mradi wa miaka 4 ni siku 3. Kutengeneza dodoso na kuandika ripoti ya awali, siku 4. Barua za utambulisho, siku 1. Kwenda uwanjani na kurudi, pamoja na yote yatakayofanyika huko, siku 13. Kusafisha na kuchambua takwimu 4, rasimu ya ripoti 6, kikao cha mrejesho pamoja na safari 2, na ripoti ya mwisho 3. Jumlisha: 36.

Zile siku 13 za uwanjani ndizo zinazostahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiko bajeti nyingi zinakofia. Siku 2 ni za njiani. Siku 1 ni ya kugonga milango ya serikali, na kwa Tanzania hiyo si adabu tu. Barua inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa wakurugenzi wa halmashauri, kisha kwa watendaji wa kata na vijiji. Ukifika kijijini bila barua hiyo, mtendaji ana haki ya kukurudisha, na gari ulilokodi litaendelea kuhesabiwa siku. Kisha kuna siku 2 za kuwafunza wadadisi na siku 1 ya kulijaribu dodoso katika kijiji kisicho cha sampuli.

Ukusanyaji wenyewe unataka hesabu. Mdadisi mmoja, kwa dodoso la kama saa moja na kutembea kutoka kaya hadi kaya, hukamilisha kaya 6 kwa siku. Anayekuletea 12 mtazame vizuri, huenda amejazia chini ya mwembe. Kaya 360 kugawa kwa vijiji 12 ni kaya 30 kwa kijiji. Ukichukua wadadisi 8 kwa makundi mawili, kila kundi la watu wanne linamaliza kaya 24 kwa siku, na kesho yake asubuhi gari linarudi kijiji kilekile kwa ajili ya kaya 6 zilizobaki. Kwenye karatasi ulikuwa umeokoa posho za watu wawili. Barabarani umelipa siku za magari mawili, malazi ya wataalamu, na muda wao. Chukua wadadisi 10: watu watano mara kaya 6 ni 30, kijiji kinaisha jioni ileile, na makundi mawili yanamaliza vijiji 12 kwa siku 6. Ongeza siku 1 ya akiba kwa msiba, mnada au mkutano wa hadhara utakaowatoa watu majumbani. Ndiyo zile 7, na jumla 13.

Kwa hiyo mteja ana 30 na hesabu inasema 36. Waombaji wengi wanakata kila mahali kidogo kidogo hadi namba ikae, bila kujua wamekata nini. Njia bora ni kuuliza kazi ipi haihitaji mtu ghali. Kusafisha takwimu kunaweza kufanywa na msaidizi, kiongozi akabaki na siku 1 ya uchambuzi badala ya 4. Kufuatilia barua nako ni kazi ya msaidizi. Hapo zimeondoka siku 4. Siku 2 zilizobaki zinatoka kwenye uandishi, moja kwenye rasimu na moja kwenye ripoti ya mwisho, na huko inauma kweli. Ndiyo maana andiko la kiufundi liseme wazi kwamba rasimu itapokea maoni ya mteja mara moja tu, yakiwa yamekusanywa pamoja. Kiongozi sasa ana siku 30. Mhandisi ana 20: 2 za kusoma nyaraka, 2 za vifaa vya ukaguzi, 13 za uwanjani na 3 za kuandika sehemu yake. Msaidizi ana 6.

Sasa kiwango cha siku. Kuna watu wanaogawa mshahara wa mwezi wa rafiki yao aliyeajiriwa kwa siku 22 na kudhani wamepata bei. Mwajiriwa hulipwa akiwa likizo, akiumwa, hata akiwa kwenye semina asiyoielewa. Mwajiri wake humchangia pia mfuko wa hifadhi ya jamii. Mshauri mwelekezi hulipwa siku anazouza tu. Mwaka una siku za juma zipatazo 260. Toa sikukuu na mapumziko, zibaki kama 225. Karibu nusu ya hizo huishia kwenye kuandika maandiko ya zabuni yasiyoshinda, kufuatilia malipo na kungoja kazi. Mtu anayeuza siku 110 kwa mwaka anafanya vizuri. Akitaka mapato sawa na ya mwajiriwa wa milioni 4 kwa mwezi kabla ya kodi, hiyo ni milioni 48 kwa mwaka. Aongeze milioni 12 za kompyuta, intaneti, bima ya afya, akiba ya uzeeni na mhasibu. Milioni 60 kwa siku 110 ni kama 545,000. Kiwango chake ni 550,000 kwa siku, na akiulizwa kwenye majadiliano ana jibu la namna alivyokipata. Mhandisi tumuwekee 400,000 na msaidizi 200,000.

Ada za kitaalamu basi ni 16,500,000 za kiongozi, 8,000,000 za mhandisi na 1,200,000 za msaidizi: jumla 25,700,000.

Gharama za kurejeshewa ni fungu la tabia tofauti. Ada ni bei ya akili na muda, na faida yako iko humo. Gharama za kurejeshewa ni fedha zinazopita mikononi mwako kwenda kwa mwingine, na mteja atataka stakabadhi. Kila moja iandikwe kwa kizio, idadi na bei, kamwe isiandikwe “usafiri: milioni 6”. Kamati ya tathmini ikiona mkupuo wa namna hiyo huhisi kuna kitu kimefichwa, na mara nyingi huwa kipo.

Wadadisi 10 kwa siku 9, kwa 60,000 kila siku, ni 5,400,000. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma daraja la kawaida ilianza mwaka 2024 kwa nauli ya 31,000, na safari sita za kwenda na kurudi, nne za uwanjani na mbili za kikao cha mrejesho, ni 186,000 tu. Malazi na kujikimu kwa wataalamu wawili ni usiku 12 kila mmoja, na usiku 1 wa kiongozi wakati wa kikao: usiku 25 kwa 120,000, yaani 3,000,000. Magari ndiyo mazito. Landkruza ya kwanza inakaa siku zote 13, ya pili inakuja siku ya majaribio na siku za uwanjani, 8. Siku 21 za gari kwa 200,000, dereva ndani yake, ni 4,200,000. Mafuta tunayatenga: kilomita 100 kwa siku, kilomita 8 kwa lita, lita kwa 3,000, tunapata 787,500. Ukumbi wa mafunzo na chai 400,000, vifurushi vya simu na kuchapa 250,000. Fungu lote ni 14,223,500.

Ada na gharama pamoja ni 39,923,500. Mtu akiitazama namba hiyo na ukomo wa milioni 45 anashusha pumzi, ana nafasi ya milioni 5. Hana. Kampuni imesajiliwa kwa VAT, na VAT ya Tanzania Bara kwa huduma hii ni asilimia 18. Inaongezwa juu ya ada na juu ya gharama za kurejeshewa pia, kwa sababu ni kampuni iliyokodi gari na kulipa hoteli kwa jina lake, na inamuuzia mteja huduma moja yenye vitu hivyo ndani. Gharama hukaa nje ya VAT ya kampuni pale tu mteja mwenyewe anapoagiza na kudaiwa kwa jina lake. VAT hapa ni 7,186,230, na bei nzima ni 47,109,730. Andiko hili linatupwa nje kabla halijasomwa.

Kupata nafasi halisi iliyopo, milioni 45 inagawanywa kwa 1.18. Watu hukosea hapa kwa kutoa asilimia 18 ya milioni 45, wakapata 36,900,000 na kujinyima zaidi ya milioni moja. Jibu sahihi ni 38,135,593. Bajeti yetu imezidi kwa 1,787,907, na hizo lazima zitoke.

Kishawishi cha kwanza ni kushusha kiwango cha siku. Ukishakishusha kwa mteja huyu, ndicho kitakachokuwa kiwango chako kwake miaka yote ijayo. Kishawishi cha pili ni kutumia gari la mradi, ambalo mteja analo Kondoa na yuko tayari kulitoa. Hilo lingeokoa siku 8 za gari na mafuta yake, yaani 1,900,000, na tatizo lingekwisha papo hapo. Ila gari lenye nembo ya mradi likisimama mbele ya kaya, mama anayehojiwa kuhusu bomba lililokauka anajua anazungumza na waliolileta. Majibu yanakuwa matamu. Mimi nisingelichukua, na kwenye andiko ningeandika kwa nini.

Tunatafuta kwingine. Kazi inafanyika Julai, kiangazi, njia kavu; Landkruza ya pili inaweza kuwa Noah ya kukodi Kondoa kwa 100,000 kwa siku, tunaokoa 800,000. Siku 2 za mafunzo watu wako mjini Kondoa na wanatembea kwa miguu, hawahitaji gari. Mkataba wa Landkruza uanze upya siku ya majaribio, na hapo 475,000 zinatoka pamoja na mafuta. Ukumbi wa kata badala ya wa hoteli unarudisha 250,000. Mhandisi anapunguza siku 1 ya kusoma, 400,000. Jumla tumetoa 1,925,000. Bajeti inabaki 37,998,500, na ikiongezwa VAT inakuwa 44,838,230. Imeingia, na hakuna kijiji wala kaya iliyopunguzwa kwenye sampuli.

Kodi ya zuio ni habari nyingine, na inachanganywa na VAT kila siku. Tanzania, mlipaji hukata asilimia 5 ya ada ya huduma anapomlipa mtoa huduma mkazi, anaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na kukupa hati ya kodi ya zuio. Hesabu hufanywa kabla ya VAT. Kwa mkazi, fedha hiyo haijapotea: ni malipo ya awali ya kodi yako ya mapato, na mwisho wa mwaka inapunguzwa kwenye unachodaiwa, mradi una hati. Kwa hiyo usiongeze asilimia 5 juu ya kiwango chako kana kwamba ni gharama. Kamati inayojua hesabu itakushusha alama.

Unachopoteza kwa zuio ni fedha taslimu za wakati huo, na hapa ndipo utenganishaji wa ada na gharama unapolipa. Ankara inayoonyesha jumla moja humpa mhasibu wa mteja sababu ya kukata asilimia 5 kwenye yote. Kwa bajeti yetu ya mwisho hiyo ni karibu 1,900,000. Ankara iliyotenganisha, ikiambatana na risiti za EFD na jedwali la gharama, inakupa msingi wa kuomba zuio likatwe kwenye ada peke yake, ambazo sasa ni 25,300,000, na kukatwa 1,265,000. Si kila mhasibu atakubali, hivyo jambo hilo liandikwe kwenye mkataba. Na kumbuka kampuni nayo ni mlipaji: kama mhandisi ni mtu huru, asilimia 5 ya 7,600,000 zake, yaani 380,000, kampuni inapaswa kuikata na kuipeleka.

Mambo hubadilika kabisa kama mhandisi huyo anatoka Nairobi na si mkazi wa Tanzania kikodi. Zuio lake ni asilimia 15, na ni kodi ya mwisho hapa. Hakuna hesabu ya mwaka ya kumrudishia. Akitaka 400,000 mkononi, ada yake lazima iwe 400,000 kugawa kwa 0.85, karibu 470,600. Zidisha kwa siku 19 na utaona bajeti yetu iliyobana haina tena nafasi. Kwa hiyo uraia na ukazi wa timu huulizwa kabla ya kuandika namba ya kwanza. Kadhalika mradi wa wafadhili unaosemwa hauna VAT: msamaha huo unahitaji karatasi kutoka serikalini. Neno la afisa miradi kwenye simu halitakusaidia TRA wakija.

Limebaki jambo la awamu za malipo. Hadidu za mfano wetu zinatoa asilimia 20 baada ya ripoti ya awali, 40 baada ya rasimu na 40 mwishoni. Asilimia 20 ya 37,998,500 ni kama milioni 7.6, na ikikatwa zuio inabaki milioni 7.2. VAT inayokuja juu yake ni ya TRA, usiihesabu. Mara tu baada ya hapo timu inakwenda Kondoa, ambako magari, wadadisi, malazi na gharama nyingine vinataka zaidi ya milioni 12, nyingi zikiwa za kulipwa siku hiyohiyo, na malipo yajayo ni baada ya rasimu. Pengo ni zaidi ya milioni 5, na kampuni ndogo italijaza kwa mkopo wenye riba ambayo haimo kwenye bajeti hata kwa shilingi moja. Kwenye barua ya andiko la fedha, chini ya jumla, omba awamu ya kwanza iwe asilimia 40, na uambatanishe jedwali la matumizi ya uwanjani siku kwa siku. Mteja akigoma, omba gharama za kurejeshewa zilipwe nusu kabla ya safari na nusu kwa stakabadhi, nje ya awamu za ada. Wateja wengi hulikubali ombi la pili kwa urahisi kuliko la kwanza.